Wavu Juu ya Bomba la Hewa: Jinsi ya Kuwafungia Mbu na Nzi Ndani ya Choo na Tangi la Majitaka

Katika ploti nyingi za Migosi kuna bomba la inchi nne linalotoka ardhini nyuma ya nyumba na kupanda hadi juu ya paa. Ni bomba la hewa la tangi la septiki au la choo cha shimo. Wapangaji hulipita kila siku bila kulitazama, kwa kuwa kazi yake inajulikana: kutoa harufu na gesi. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba bomba hilo likiwa wazi juu, mbu na nzi hulitumia kama mlango. Jike la mbu huingia kutaga mayai, na baada ya siku kama kumi watoto wake hutoka humo humo wakiwa na mabawa.

Migosi ulianza kama mtaa wa viwanja vilivyopimwa na kuwekewa huduma, lakini leo ploti moja huweza kubeba nyumba nane au kumi za kupanga. Baadhi zimeunganishwa na mfereji mkuu wa majitaka, na nyingine bado zinategemea tangi la septiki au choo cha shimo. Makala hii inawahusu hasa wenye matangi na vyoo hivyo, na mafundi wanaovijenga. Inaeleza ni wavu gani unaofaa, unafungwaje, na kwa nini wavu peke yake mara nyingine hautoshi.

Wanaokaa humo ni kina nani

Mbu anayependa majitaka huitwa Kuleksi. Ni mbu wa rangi ya kahawia anayeuma usiku na anayejulikana kwa mlio wake sikioni. Harufu ya maji yaliyooza, ambayo binadamu huikimbia, ndiyo inayomwita. Jike hutaga mayai mia moja na zaidi kwa mara moja, yakiwa yameshikana kama kijimtumbwi kidogo kinachoelea. Viluwiluwi vyake huishi chini kidogo ya uso wa maji na kupumua kwa mrija mdogo wanaouinua juu. Kwa hiyo Kuleksi anahitaji mambo mawili tu: maji machafu yaliyotulia, na njia ya kuyafikia. Tangi la septiki lenye bomba wazi humpa yote mawili, tena kwenye giza na mbali na upepo.

Mbu wa malaria, yaani Anofelesi, kwa kawaida hapendi maji ya namna hiyo. Yeye hutafuta maji safi kiasi yanayopigwa na jua, kama vidimbwi vya mvua, nyayo za ng'ombe na mashimo ya kufyatulia matofali. Ni muhimu kulijua hili mapema, kwa sababu mtu akiweka wavu kwenye bomba asije akaacha kulala ndani ya chandarua akidhani malaria imekwisha. Wavu wa bomba hupunguza Kuleksi wanaosumbua usiku. Mbu huyo hueneza matende katika Pwani ya Kenya, na anaweza kubeba virusi kadhaa. Malaria ina mbu wake na kinga zake.

Nzi wa chooni naye si sawa kabisa na nzi wa jikoni. Anayezaliana kwa wingi katika vyoo vya shimo barani Afrika ni nzi mkubwa wa rangi ya kijani au samawati inayong'aa. Hutaga mayai kwenye kinyesi kibichi shimoni, na funza wake wakikomaa hugeuka nzi wapya. Nzi huyo akitoka shimoni na kutua kwenye chakula, hubeba vijidudu vya kuhara kwa miguu na kwa mwili wake.

Nzi hufuata mwanga, mbu hafuati

Siri ya wavu wa bomba iligunduliwa kwa majaribio mjini Harare, wakati huo ukiitwa Salisbury, katika maabara ya utafiti ya Blair miaka ya 1970. Mtafiti Peter Morgan na wenzake walijenga vyoo vya shimo vinavyofanana. Baadhi vilikuwa na bomba la hewa lenye wavu, na vingine havikuwa nalo. Kisha wakatega mitego ya nzi. Kwa siku 78, choo kisicho na bomba kilitoa nzi 13,953. Chenye bomba na wavu kilitoa 146.

Tofauti hiyo kubwa ina sababu mbili. Ya kwanza ni upepo. Hewa inayopita juu ya mdomo wa bomba huvuta hewa kutoka shimoni, na hewa mpya huingia kupitia tundu la choo. Harufu basi hutokea juu ya bomba badala ya ndani ya chumba, na nzi wa nje wanaoifuata huishia juu ya paa, ambako wavu huwazuia. Sababu ya pili ni mwanga. Nzi aliyezaliwa shimoni hutafuta mahali penye mwangaza. Chumba cha choo kikiwa na giza kiasi, mwanga mkubwa anaouona ni ule wa juu ya bomba. Anapanda bombani, anagonga wavu, anazunguka hapo mpaka anachoka, kisha anakufa na kuanguka shimoni.

Kutokana na hayo, mtu anaweza kuona kwa nini vyoo vingine vina bomba na wavu na bado vimejaa nzi. Chumba kisicho na mlango, au chenye dirisha kubwa, huwa na mwanga mwingi kuliko bomba, kwa hiyo nzi hutokea kwenye tundu. Kosa jingine la kawaida ni kufunika tundu kwa kifuniko kinachobana kabisa. Katika choo cha namna hii tundu ndilo mlango wa hewa, na likizibwa bomba halina cha kuvuta. Kifuniko kinachobana ni kizuri kwa choo kisicho na bomba. Kwa choo chenye bomba, kifuniko kiachwe na upenyo wa hewa au kiondolewe kabisa.

Mbu ana tabia nyingine. Watafiti waliofuatilia vyoo vya namna hiyo Botswana na Tanzania waliona kwamba Kuleksi hawavutwi sana na mwanga wa bomba. Wengi wao hutokea kwenye tundu la choo au ufa wowote walioukuta. Kwa hiyo wavu juu ya bomba ni mtego mzuri wa nzi, lakini kwa mbu ni mlango mmoja tu uliofungwa. Milango mingine yote lazima itafutwe. Kwa tangi la septiki, kazi hiyo ya kutafuta ndiyo kubwa kuliko kufunga wavu wenyewe.

Wavu upi

Matundu ya wavu yawe kati ya milimita 1.2 na 1.5. Wavu wa kawaida wa madirishani unaouzwa kwa mita katika maduka ya vifaa vya ujenzi mara nyingi uko katika kiasi hicho. Njia rahisi ya kupima ni kuweka rula juu ya wavu na kuhesabu matundu katika sentimita moja. Yakiwa sita au saba, wavu unafaa. Yakiwa manne au pungufu, mbu watapita.

Wavu mwembamba sana nao una hasara. Kitambaa cha chandarua kikuukuu, kwa mfano, hufungwa na watu wengi kwa sababu kipo nyumbani. Kinazuia mbu kweli, lakini jua hukichana kwa muda mfupi, na matundu yake huziba haraka kwa vumbi na utando wa buibui. Bomba lililoziba halivuti tena harufu, na mwenye nyumba anaanza kulaumu choo.

Jambo linaloharibu kazi za mafundi wengi ni aina ya waya. Gesi inayotoka kwenye majitaka, ile yenye harufu ya yai bovu, hula chuma. Wavu wa chuma cha kawaida uliopakwa rangi, au wenye mipako hafifu ya zinki, huweza kuoza na kutoboka kwa miezi michache tu. Ukiutazama kutoka chini unaonekana bado upo, lakini ukipanda ngazi unakuta umekuwa unga wa kutu. Wavu wa nyuzi za kioo uliofunikwa kwa plastiki hudumu kwa miaka kadhaa. Wavu wa chuma kisichoshika kutu ndio unaodumu zaidi. Bei yake kwa mita ni ya juu, lakini bomba moja linahitaji kipande kidogo tu, kwa hiyo ploti tatu au nne zinaweza kununua mita moja na kugawana.

Kuna pia vile vikofia vya plastiki vinavyouzwa pamoja na mabomba, vyenye nafasi ubavuni. Vimetengenezwa kuzuia mvua, majani na ndege. Nafasi zake ni pana kiasi cha kupitisha mbu bila shida. Mtu akiwa na kikofia asikitupe, ila aweke wavu ndani yake au chini yake.

Ploti moja, bomba kwa bomba

Tuchukue mfano wa ploti ya Migosi yenye nyumba nane na tangi moja la septiki lenye vyumba viwili. Wapangaji wanalalamika kwamba mbu ni wengi mwaka mzima, hata wakati wa kiangazi ambapo vidimbwi vyote vimekauka. Malalamiko ya kiangazi ni dalili muhimu. Mbu wanaoendelea kuwa wengi bila mvua mara nyingi wana maji ya kudumu karibu, na maji ya kudumu ya ploti hiyo yako ndani ya tangi.

Kabla ya kununua chochote, mwenye ploti anapima. Saa kumi na moja jioni, fundi anavisha mdomo wa bomba la tangi mfuko wa kitambaa cha chandarua na kuufunga kwa mpira. Kwenye kila mfuniko wa zege wenye ufa, anaweka kipande cha karatasi ya nailoni angavu kilichopakwa mafuta ya kupikia upande wa chini, na kukibana pembeni kwa mawe. Asubuhi anatazama. Mbu walio ndani ya mfuko au walionasa kwenye mafuta walikuwa wakitoka, na idadi yao inaonyesha mlango upi ni mkubwa. Katika ploti kama hii, si ajabu kukuta mbu kumi bombani na arobaini kwenye ufa wa mfuniko. Mtu angefunga wavu kwenye bomba peke yake angekuwa ameacha njia kuu wazi.

Kisha anahesabu milango yote. La kwanza ni bomba la hewa la tangi. La pili ni bomba jingine ambalo husahaulika: lile linalopanda ukutani kutoka vyooni hadi juu ya paa la nyumba. Bomba hilo nalo limeunganishwa na tangi kupitia mfereji, kwa hiyo mbu huweza kushuka nalo. La tatu ni mifuniko ya tangi. La nne ni chemba zilizo kati ya nyumba na tangi, hasa zile ambazo mfuniko wake ulivunjwa wakati wa kuzibua na haukurudishwa vizuri. La tano ni mfuniko wa shimo la kunyonya, ambako maji ya tangi huishia.

Kazi ya bomba ndiyo rahisi. Fundi anakata kipande cha wavu cha mraba chenye upande wa sentimita 30. Hakibandiki kikiwa bapa na kukaza juu ya mdomo. Anakiacha kivimbe kidogo kama kofia, kisha anakunja kingo zake kushuka ubavuni mwa bomba. Sababu ni kwamba nyuzi zenyewe za wavu huchukua karibu thuluthi moja ya nafasi ya hewa. Wavu ukiwa bapa, bomba la inchi nne hupumua kama bomba dogo. Ukiwa umevimba, eneo la wavu huongezeka na hewa hupita vizuri.

Kingo hubanwa kwa klipu ya bomba ya kukaza kwa bisibisi, au kwa waya usioshika kutu uliozungushwa mara mbili. Gundi peke yake haifai, kwa kuwa jua huikausha, na tena wavu unapaswa kuvuliwa kila baada ya muda ili usafishwe. Baada ya kukaza, fundi anapitisha kidole kuzunguka ukingo. Mkunjo wowote unaopitisha ncha ya penseli unampitisha mbu, kwa hiyo hukunjwa upya.

Urefu wa bomba nao hutazamwa wakati huo huo. Mdomo wake uwe angalau nusu mita juu ya sehemu ya juu kabisa ya paa, ili upepo uupige bila kizuizi. Kama mwembe wa jirani umelifunika, matawi yapunguzwe. Kwa upande wa chini, bomba liishie usawa wa chini ya zege. Likishushwa mpaka ndani ya maji, halivuti hewa tena.

Mifuniko ndiyo kazi ya pili, na ndiyo yenye faida kubwa kwa mbu wa ploti hii. Nyufa ndogo hujazwa kwa mchanganyiko wa saruji na mchanga, sehemu moja kwa tatu. Lakini mfuniko wa kufungulia usijengewe kwa saruji moja kwa moja, kwa sababu siku lori la kunyonya majitaka litakapokuja, wafanyakazi wataupiga kwa nyundo na ufa utarudi. Ukingo wake huzibwa kwa udongo wa mfinyanzi uliokandwa vizuri, au kwa saruji hafifu ya chokaa, vitu ambavyo hufunguka bila kuvunja zege. Baada ya kila unyonyaji, ukingo hukandikwa upya siku hiyo hiyo. Hilo liwe sharti kwa msimamizi wa ploti kabla lori halijaondoka.

Mambo mawili ni ya hatari na hayaruhusiwi katika kazi hii. Mtu yeyote asiingie ndani ya tangi hata kama linaonekana tupu, kwa sababu gesi yake huweza kumwangusha kwa pumzi chache, na anayemfuata kumwokoa huanguka naye. Pia kiberiti, sigara au mshumaa visikaribie mfuniko uliofunguliwa, maana gesi hiyo huwaka.

Mbu wa bafuni na wadudu wa manyoya

Baada ya kazi kukamilika, mpangaji mmoja anaweza kusema bado anaona mbu bafuni. Kabla ya kulaumu wavu, itazamwe njia ya maji ya sakafuni. Chini yake kuna kona ya bomba inayobaki na maji kila wakati, na maji hayo ndiyo yanayozuia harufu na mbu wa mfereji wasiingie chumbani. Nyumba ikikaa bila mpangaji kwa wiki kadhaa, maji hayo hukauka. Dawa yake ni lita moja ya maji kila wiki, hata katika bafu lisilotumika.

Wakati mwingine wadudu wenyewe si mbu. Kuna wadudu wadogo wa kijivu wenye mabawa ya manyoya yaliyo kama paa la nyumba, wanaokaa ukutani bafuni na kuruka umbali mfupi. Hawaumi. Wanaishi kwenye utando wa uchafu ndani ya mabomba ya bafu, na wengine ni wadogo kiasi cha kupenya wavu. Brashi na maji ya moto huwaondoa, wala si dalili kwamba wavu umeshindwa.

Jambo lisilofaa ni kuziba bomba kabisa kwa mfuko wa plastiki au kwa zege, kama wengine wanavyofanya wakichoka na mbu. Gesi ikikosa njia hutafuta nyingine. Maji ya kwenye kona za mabomba huanza kugugumia, na harufu huingia vyumbani. Vile vile, kumwaga mafuta machafu ya gari au mafuta ya taa tangini hudhuru utendaji wa tangi na huweza kufika kwenye visima vya jirani, ambavyo bado hutumiwa na familia nyingi.

Choo cha shimo chenye maji

Kuna hali moja ambapo wavu na zege havitoshi. Katika sehemu za Kisumu zilizo chini karibu na ziwa, kama Nyalenda, maji ya ardhini hupanda wakati wa mvua ndefu na kuingia shimoni. Choo kilichokuwa kikavu, chenye nzi tu, hugeuka kuwa bwawa la Kuleksi, na tundu la kuchuchumalia haliwezi kuwekewa wavu. Migosi nayo ina mashimo yanayopokea maji ya bafu, na hayo hayakauki.

Kwa choo cha namna hiyo, njia ya kwanza ni kuziba tundu bila kulifunga: sahani yenye kona ya maji, ambayo humwagiwa maji kidogo kila baada ya matumizi, au sahani ya plastiki yenye kibao kinachojifunga chenyewe. Sahani ikikaa vizuri, na bomba likiwa na wavu, mbu hana pa kupita.

Njia ya pili ilijaribiwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, kuanzia 1988. Mji huo wa watu wapatao 12,000 ulikuwa umeelemewa na matende, na Kuleksi walizaliana ndani ya vyoo vya shimo vyenye maji. Wataalamu walimwaga vyooni punje nyeupe nyepesi za polisterini, zile zinazofungiwa televisheni mpya ndani ya boksi. Punje zilielea na kufunika uso wa maji kama zulia. Viluwiluwi havikuweza kuinua mrija wa kupumulia, na jike la mbu hakupata maji ya kutagia. Kinyesi kilipoanguka, punje zilipisha na kurudi mahali pake. Pamoja na dawa ya matende waliyopewa wakazi, kiwango cha watu wenye vimelea vya ugonjwa huo katika damu kilishuka kutoka asilimia 49 hadi 10, na mbu walibaki wachache kwa muda mrefu bila kunyunyiza dawa tena.

Njia hiyo ina mipaka yake. Inafaa shimo lenye kuta nzima na lisilofurika, kwa sababu mafuriko huzibeba punje hadi mtaroni. Shimo linalonyonywa na lori hupoteza punje zake kila mara. Na haifai katika tangi la septiki, ambako punje zinaweza kufuata maji na kuziba njia ya kutokea. Ndiyo maana kwa ploti ya Migosi iliyoelezwa hapo juu, saruji, udongo wa mfinyanzi na wavu ndivyo vinavyofaa kwanza.

Kukagua na kujua kama imefaulu

Kipimo cha kwanza ni kurudia ule mtego. Wiki mbili baada ya kazi, mfuko wa chandarua na karatasi za mafuta huwekwa tena mahali pale pale kwa usiku mmoja. Wiki mbili ndizo zinazohitajika, kwa sababu viluwiluwi vilivyokuwa tangini siku ya kuziba vitaendelea kukomaa kwa siku kadhaa. Mbu wakionekana wengi ndani ya bomba chini ya wavu siku za mwanzo, hiyo ni dalili njema kwamba wamefungiwa. Karatasi ya mafuta ikinasa mbu hata baada ya wiki mbili, kuna ufa ambao haujapatikana.

Kwa choo cha shimo kikavu, kipimo cha hewa ni moshi. Udi au kijiti chenye moshi hushikwa karibu na tundu, juu ya sakafu. Moshi ukishuka shimoni, bomba linavuta. Ukipanda chumbani, wavu umeziba, au bomba ni fupi, au upepo umezuiwa. Kipimo hiki ni cha choo cha shimo tu, kisifanywe kwenye mfuniko wa tangi la septiki.

Ukaguzi wa kawaida unatosha ukifanywa mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua ndefu za Machi na kabla ya mvua za vuli mwezi Oktoba. Fundi hupanda ngazi, huvua wavu, hupiga mswaki utando wa buibui na mabaki ya nzi, huunyoosha kwenye mwanga kutafuta matundu yaliyooza, na kuurudisha. Mifuniko hukaguliwa siku hiyo hiyo, kwa kuwa udongo ulio kwenye kingo hupasuka wakati wa jua kali.

Kati ya mwenye nyumba na mpangaji, mara nyingi huzuka ubishi kuhusu nani alipe. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, katika sehemu inayohusu kuzuia na kuangamiza mbu, inahesabu maji na majitaka yanayozalisha mbu kuwa kero kwa afya, na inataka mashimo ya majitaka yakingwe ili mbu wasipite. Ofisa wa afya ya umma ana mamlaka ya kukagua na kuagiza kasoro irekebishwe. Kwa kuwa tangi, bomba na mifuniko ni sehemu za jengo, ni busara kazi hiyo iingizwe kwenye matengenezo ya mwenye nyumba, huku wapangaji wakibaki na wajibu wa kumwaga maji kwenye njia za bafu na kutoa taarifa mfuniko ukivunjika.

Mpangaji anayetaka kulalamika afanye kwanza jaribio la usiku mmoja la karatasi na mafuta. Akimfikia mwenye nyumba, mhamasishaji wa afya ya jamii au ofisa wa afya wa wadi akiwa na karatasi iliyonasa mbu, na akionyesha ni mfuniko upi, mazungumzo yanaanzia kwenye ufa unaojulikana, na fundi anajua pa kuanzia.